Kuchati kwa Kikantoni: mwongozo kamili wa maneno ambayo hayana maandishi rasmi

Mara ya kwanza kutumwa peke yangu kuchukua mzigo wa vipuri vya simu kwenye jengo moja la maghala huko Kwun Tong, Hong Kong, nilipokea meseji hii kwenye WhatsApp:

```
今日入口轉左,問下看更
```

Nilikuwa nimesoma Kichina cha darasani kwa miaka miwili, nikajiona nimeiva. 今日 ni leo, 入口 ni mlango wa kuingilia, 轉 ni kugeuka, 左 ni kushoto, 看更 ni mlinzi. Basi nikaelewa hivi: "Leo ukifika mlangoni geuka kushoto, muulize mlinzi." Nikageuka kushoto, nikakuta mlango wa chuma umefungwa kwa kufuli, nikasimama pale na kitoroli changu karibu saa nzima nikidhani watu wamechelewa kufungua. Kumbe aliyeandika alikusudia jambo jingine kabisa: "Leo mlango wa kuingilia umebadilika, muulize mlinzi."

Ile 左 haikuwa kushoto. Ilikuwa neno la Kikantoni linalotamkwa `zo2`, ambalo hukaa nyuma ya kitenzi kuonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka, kazi ileile inayofanywa na -me- katika "umebadilika". Neno hilo lina herufi yake, 咗, lakini mwandishi hakuitafuta. Aliandika 左 kwa sababu sauti ni moja, na kila mtu aliyekulia Hong Kong angesoma kwa sikio bila kusita. Mimi nilisoma kwa jicho.

Mwongozo huu ni wa mtu kama nilivyokuwa mimi siku ile: anajua Kichina kidogo, au anaanza, na sasa anachati na wenye maduka, majirani au wafanyakazi wenzake wa Hong Kong, Makao au Guangzhou, na anaona meseji ambazo hazifanani na kitabu chake.

Hatua ya kwanza: jua neno limekosaje herufi

Mtoto wa Hong Kong hufundishwa shuleni kuandika Kichina sanifu, ambacho sarufi na msamiati wake vimejengwa juu ya Kimandarini. Anakisoma kwa matamshi ya Kikantoni, lakini nyumbani hakisemi. Akitaka kusema "siyo" anatamka `m4 hai6`. Akiandika insha anaandika 不是, maneno ambayo mdomoni mwake hayatoki ila anaposoma. Hiyo `m4 hai6` yenyewe hakuna mwalimu anayempa alama kwa kuiandika vizuri wala kumkata kwa kuiandika vibaya.

Sisi Tanzania tuna BAKITA tangu 1967, na hata mtu asiyewahi kufungua kamusi anajua kwamba kuna mahali pa kwenda kuuliza neno fulani linaandikwaje. Kikantoni hakina chombo cha namna hiyo cha kuamua maandishi ya lugha inayosemwa. Herufi zake zimekua zenyewe kwenye nyimbo za masimulizi, tamthilia za opera, safu za magazeti, matangazo ya biashara, na sasa kwenye simu. Baadhi zimezoeleka mpaka watu wote wanakubaliana, kwa mfano 唔 ya `m4`, yaani "si", au 佢 ya `keoi5`, yaani "yeye". Nyingine zipo lakini wengi hawazitumii, kama 咗 iliyonitesa. Na yapo maneno ambayo hayana herufi yoyote.

Ukijua unashughulika na kundi lipi, nusu ya kazi imekwisha, kwa hiyo tuyachukue kwa mpangilio huo. Jambo moja tu kabla hatujaendelea. Matamshi ninayoandika hapa, kama `zo2` na `m4`, yamo katika Jyutping, mfumo uliotolewa na chama cha wanaisimu cha Hong Kong mwaka 1993. Tarakimu ya mwisho ni toni. Kikantoni kina toni sita, na ukibadilisha toni umebadilisha neno: `hai6` ni "ni", wakati `hai2` ni "-po mahali".

Hatua ya pili: mrudishie neno mdomo wake

Herufi nyingi za Kikantoni zimetengenezwa kwa mbinu moja rahisi sana. Unachukua herufi ya Kichina iliyopo yenye sauti ileile au inayokaribiana, kisha unaibandika mdomo mdogo, 口, upande wa kushoto. Ule mdomo unamwambia msomaji: usitazame maana ya hii herufi, itamke tu. Hivyo 左, kushoto, ikipewa mdomo inakuwa 咗. Herufi 野, ambayo ni pori, inakuwa 嘢, `je5`, maana yake kitu. 地, ardhi, inakuwa 哋, `dei6`, inayofanya "mimi" kuwa "sisi". 黎, ambayo wengi wanaijua kama jina la ukoo, inakuwa 嚟, `lai4`, kuja.

Kwenye meseji, mdomo huo ndio wa kwanza kudondoka, na sababu zake ni za kiufundi zaidi kuliko uvivu. Orodha ya herufi za kompyuta iliyotumika Hong Kong kwa miaka mingi, Big5, ilitungwa Taiwan mwaka 1984 kwa mahitaji ya huko, na herufi nyingi za Kikantoni hazikuwamo. Ukitaka kuandika neno hilo kwenye kompyuta, halipo. Watu wakabuni njia: wakaandika o ya Kilatini mbele ya herufi ili ifanane na mdomo. Ndiyo maana mpaka leo utakutana na o野 badala ya 嘢, o係 badala ya 喺, o既 badala ya 嘅. Serikali ya Hong Kong ilitoa orodha ya nyongeza iitwayo HKSCS mwaka 1999, yenye herufi 4,702, na pengo kubwa likazibwa, lakini vidole vilikuwa vimeshazoea.

Sababu ya pili ni kibodi. Wengi wa Hong Kong huandika kwa Cangjie au ndugu yake mfupi, mifumo ambayo unajenga herufi kutokana na vipande vyake vinavyoonekana, si kutokana na sauti. Katika Cangjie, 左 ni bonyezo mbili, `KM`. 咗 ni tatu, `RKM`, kwa kuwa R ndiyo mdomo. Neno hili linajitokeza karibu kila sentensi ya pili, kwa hiyo mtu anayeandika haraka huku kashika mshikio wa basi anaacha R, na kitu chote kinakaa sawa kwa msomaji wake.

Kwa hiyo ukiona herufi ambayo maana yake haiingii kwenye sentensi, fanya mambo mawili. Itamke kwa sauti, usikilize. Kisha ijaribu na mdomo. Mara nyingi jibu linatokea hapohapo.

Hatua ya tatu: ivunje meseji nzima

Hebu tuchukue meseji ya duka, ya aina ninayopokea kila wiki. Nimeiunga mwenyewe ili matatizo yote yaonekane pamoja, lakini kila kipande chake ni cha kawaida kabisa:

```
我地o係鋪頭呀,你d野到左啦,聽日得閒過黎羅啦,唔洗急
```

Ukiisoma kwa maana ya herufi moja moja utapata ardhi, pori, kushoto, kusikia, jina la ukoo la Lai, jina la ukoo la Lo, na kuosha. Programu ya kutafsiri nayo inaweza kukuletea mchanganyiko wa namna hiyo. Sasa tuisome kwa sikio.

我地 ni `ngo5 dei6`. Ardhi haina kazi hapa, ipe mdomo: 我哋, sisi.

o係 ina o, kwa hiyo mdomo umeshawekwa kwa mkono. Ni 喺, `hai2`, "-po". Bahati nzuri hapa o imeandikwa. Wengi huiacha pia, wakabakiza 係 tupu, ambayo kwa kawaida ni `hai6`, "ni". Kipimo changu ni kutazama kinachofuata. Kikifuata mahali, kama hapa 鋪頭, dukani, jua ni 喺: "tupo dukani", si "sisi ni duka". Kikifuata mtu, kazi, rangi au jina, ni 係. Kipimo hiki hakijawahi kunitupa isipokuwa pale mtu anapojibu neno moja tu, na hapo unauliza.

你d野: ile d ni 啲, `di1`, inayoonyesha wingi usiohesabiwa, na pori ni 嘢, kitu. "Vitu vyako."

到左 ni 到咗, "vimefika". Hapa hakuna wa kusitasita kwa sababu "kufika kushoto" hakuleti maana. Tatizo la 左 linakuja kwenye vitenzi vya mwendo tu, 轉 kugeuka au kubadilika, 行 kutembea, 去 kwenda, ambavyo vinaweza kufuatwa na upande. Kwenye vitenzi hivyo simama kidogo. Mtu anayekuelekeza njia kwa kawaida anataja hatua nyingine kabla au baada: ingia, pita, panda. Meseji yangu ya Kwun Tong haikuwa na hatua hata moja, na ilianza na "leo". Neno "leo" lilitosha kunishtua, kwa sababu kushoto hakubadiliki siku kwa siku.

聽日 ni kesho, `ting1 jat6`. Imejengwa na kusikia na siku, na kusikia kumewekwa kwa sauti tu. Lakini hii huhitaji kuirekebisha: imekubalika hivyohivyo, watu wote wanaiandika namna hiyo. Si kila azima ya sauti ni kosa. Nyingine zimekaa mpaka zimekuwa wenyeji.

過黎 ni 過嚟, kuja upande huu. 羅 ni 攞, `lo2`, kuchukua, iliyokatwa kipande chake cha kushoto. Kipande hicho si mdomo bali ni mkono, 扌, kwa kuwa kuchukua ni kazi ya mkono, na kwenye meseji mkono nao hudondoka kama mdomo.

唔洗急 ndiyo inayowachekesha wanafunzi wapya. 洗 ni kuosha, `sai2`. Iliyokusudiwa ni 使, pia `sai2`, kuhitaji. Kwa hiyo ni "hakuna haja ya haraka". Makosa ya 洗 utayakuta hata kwa watu waliosoma sana, kwa sababu 唔使 ni neno la mdomoni tu ambalo hawakulikuta kwenye daftari la imla.

Ikiandikwa kwa uangalifu, kwa Kikantoni hichohicho, meseji ni hii:

```
我哋喺鋪頭呀,你啲嘢到咗喇,聽日得閒過嚟攞啦,唔使急
```

Na kwa Kichina sanifu ingekuwa hivi:

```
我們在店裡,你的東西到了,明天有空過來拿吧,不用急
```

"Tupo dukani, vitu vyako vimefika, kesho ukipata nafasi njoo uvichukue, usiwe na haraka." Maana ni moja katika matoleo yote matatu. Lakini la mwisho, likitoka kwa mwenye duka unayemjua, linasikika kama tangazo la benki. Mteja wa siku zote angejiuliza kama kuna kosa alilofanya. Ndiyo sababu watu hawaachi kuandika Kikantoni hata kama kinawasumbua: Kichina sanifu kinatosha kupeleka habari, lakini hakibebi ule ukaribu.

Hatua ya nne: zoea herufi za Kilatini na tarakimu

Hapa msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Aliyewahi kupokea "2naenda", "cjui" au "xaxa" haelezwi mengi. Kikantoni kinafanya vilevile.

D ndiyo maarufu kuliko zote. Inasomwa `di1`, sawasawa na 啲, na utaiona hata kwenye mabango ya biashara: 快D, fanya haraka kidogo. Herufi 啲 ipo na inajulikana, lakini D ni bonyezo moja, na hakuna neno jingine inaloweza kuchanganywa nalo. Sioni sababu ya kuikwepa.

Tarakimu 5 ni jambo jingine. Tano ni `ng5`, na vijana wengi huitamka kama `m5`, jirani kabisa na `m4` ya kukanusha. Kwa hiyo 5知 ni "sijui". Kwenye maongezi ya kawaida haina shida. Kwenye biashara ina shida kubwa. Fikiria umetuma picha ya makasha ya simu, ukajibiwa 5要黑色. Ni "sitaki nyeusi", au ni "tano, nataka nyeusi"? Herufi ni zilezile na bidhaa ni ileile. Mimi kwenye oda situmii 5 kwa kukanusha hata kidogo, na nikiandikiwa hivyo naiuliza kabla sijagusa mzigo.

Kisha kuna sentensi nzima zilizoandikwa kwa Kilatini:

```
nei sik jor fan mei
```

Hii ni 你食咗飯未, "umeshakula?", salamu ya kila siku. Usiitafute kwenye kamusi ya Jyutping, kwa sababu watu wengi wa Hong Kong hawajawahi kufundishwa Jyutping. Wanaandika kwa mazoea ya Kiingereza na ya tahajia za majina yao kwenye vitambulisho. `zo2` inakuwa jor, na ile r haitamkwi, imewekwa kuonyesha tu kwamba o imefunguka. `gam3` inakuwa gum. `lo1` inakuwa lor. Na kwa kuwa wengi leo hawatofautishi n na l mwanzoni mwa neno, nei utaikuta pia kama lei. Ukikwama, soma kwa sauti kama mtu anayesoma Kiingereza, polepole, kisha sikiliza ni neno gani la Kikantoni limetoka. Toni haijaandikwa, na ndiyo maana hata wao hawaandiki habari ndefu kwa njia hii.

Mwisho kuna maneno ambayo Kilatini ndiyo nyumba yao ya pekee. Mfano bora ni hea, `he3`, maana yake kujikalia bila shughuli, kuzubaa kwa raha zako, au kufanya kazi kwa kulegalega. Tazama kwa nini limekosa herufi. Hakuna herufi ya kawaida ya Kichina inayosomwa kwa sauti hiyo. Hakuna cha kuazima, na bila cha kuazima hakuna cha kuwekea mdomo. Mbinu yote ya hatua ya pili inagonga mwamba. Basi watu wakaandika hea, na neno likaingia kwenye sarufi kama kitenzi kingine chochote:

```
今日喺屋企hea咗成日
```

"Leo nimejikalia tu nyumbani siku nzima." Angalia 咗 ilivyobandikwa nyuma ya herufi za Kilatini. Anayeandika haoni kama amechanganya lugha mbili, ni neno lake la Kikantoni ambalo limevaa nguo za kuazima.

Usilichanganye na neno kama up, kwenye 亂up, kuropoka. Hili lina herufi, 噏, ila wengi hawaikumbuki au hawajui kuiandika, wakaandika up kwa kuwa inasikika hivyo. Tofauti hii ina faida kwako: up ukiitafuta kwenye kamusi chini ya 噏 utaipata na mifano yake, lakini hea lazima uitafute kwa Kilatini. Kamusi ya mtandaoni ya `words.hk`, inayotungwa na watu wa kujitolea, inazo zote mbili, na inakubali utafute kwa Jyutping.

Hatua ya tano: sikiliza mwisho wa sentensi

Hapa ndipo maandishi yanapopoteza kitu ambacho herufi haiwezi kukirudisha, na ndipo ninapoomba msomaji atulie.

Kikantoni kinamalizia sentensi kwa vijineno vifupi ambavyo maana yake yote imo kwenye toni. Chukua 喎. Ikitamkwa `wo3`, msemaji anakutanabahisha jambo ambalo labda hukulitarajia. Ikitamkwa `wo5`, anakupa maneno ya mtu mwingine bila kuyabeba yeye. Herufi ni hiyohiyo moja:

```
佢聽日唔嚟喎
```

Kwa `wo3` ni "Kesho haji, ujue." Kwa `wo5` ni "Eti kesho haji." Mwenye Kiswahili ana bahati hapa, maana eti yetu inafanya kazi ileile ya `wo5`, pamoja na ule umbali kidogo ambao msemaji anauweka kati yake na habari. Mwanafunzi wa lugha isiyo na eti huhangaika wiki nzima na jambo hili.

Utajuaje ni ipi? Tazama kama kuna chanzo cha habari. Kama sentensi ina 佢話, "amesema", au meseji iliyotangulia iliuliza "fulani amejibuje?", soma `wo5`. Kama hakuna mtu wa tatu, soma `wo3`. Wapo wanaoandika wor kwa Kilatini, lakini toni inabaki imefichwa. Jambo likiwa la uzito, kama kujua ni yeye anayekataa au ni bosi wake, tegemea meseji ya sauti. Wenyeji wenyewe wanatuma sauti kwa wingi, na sababu moja ni hii.

Kuna jozi nyingine uliyoipita pale juu pengine bila kuiona. Kwenye meseji ya duka 啦 imetokea mara mbili. Ya kwanza, 到左啦, ni `laa3`, "vimeshafika": hali imebadilika. Ya pili, 羅啦, ni `laa1`, "njoo basi uchukue": ni kumsihi mtu. Waangalifu huandika 喇 kwa ile ya kwanza, kama nilivyofanya kwenye toleo lililosafishwa. Wengi hawafanyi hivyo. Ukiona 啦 baada ya jambo lililokwisha, soma `laa3`. Baada ya ombi au amri, soma `laa1`.

Hatua ya sita: andika mwenyewe

Usijifunze Cangjie kwa ajili ya kuchati. Weka kibodi ya sauti inayokubali Jyutping. iPhone ina kibodi ya Kikantoni ya matamshi tangu iOS 16, na ipo TypeDuck, ya bure, iliyotengenezwa kwa kuwafikiria wanafunzi wa Hong Kong ambao nyumbani hawasemi Kichina. Pembeni ya herufi inaonyesha matamshi pamoja na maana kwa lugha kadhaa, kama Kiurdu, Kinepali na Kiindonesia. Kiswahili hakimo, lakini matamshi yale peke yake yanatosha kukuzuia kuchagua herufi isiyo yako.

Kwa kibodi ya sauti hesabu ya bonyezo inageuka. Unaandika `zo` na 左 na 咗 zinatokea pamoja, unagusa unayoitaka. Unaandika `hai` na unapata 係 na 喺. Kuandika sahihi hakukugharimu chochote tena. Jaribu kwanza na maneno mawili mawili, `mgoi` kwa 唔該, asante au tafadhali, kisha `mhai` kwa 唔係. Kibodi inachagua vizuri zaidi ikipewa zaidi ya silabi moja.

Sasa swali ambalo kila mgeni huniuliza: niandike kama wao, na o zao na kushoto zao? Jibu langu ni hapana kwa herufi, ndiyo kwa maneno. Andika 咗, 喺, 嘢, 嚟 kamili. Mwenyeji anayeandika 左 anaaminiwa kwamba anajua anachosema. Mgeni akiandika 左, msomaji hana uhakika kama amekusudia Kikantoni cha mtaani au amekosea Kichina. Lakini D na hea ziandike kama zilivyo, maana huko hakuna utata wa kuondoa. Na usirudi kwenye 是 na 的 za Kichina sanifu kwa kuogopa, kwa sababu utasikika kama barua ya ofisini kwa mtu aliyekuuliza kama umekula.

Ankara, mkataba na hati ya kupokelea mzigo ni suala jingine. Hapo andika Kichina sanifu, idadi kwa tarakimu, na usiweke kijineno chochote cha mwisho.

Yanayoharibika mara kwa mara

Kutafuta meseji ya zamani. Ukiandika 嘢 kwenye sehemu ya kutafuta, simu haitakuletea 野 wala o野, kwa sababu kwake ni alama tofauti. Tafuta mara tatu. Mimi kwanza natafuta neno lisilo na utata kwenye mazungumzo yale, jina la bidhaa au namba, kisha nasogea juu na chini.

Kisanduku kitupu. Baadhi ya herufi za Kikantoni zimewekwa mbali kwenye orodha ya Unicode, nje ya eneo la kawaida, na fonti ya simu ya zamani haina picha zake. 𨋢, `lip1`, lifti, ni mojawapo, namba yake ni `U+282E2`. Kwenye skrini unaona kisanduku tu. Kinakili, kibandike kwenye `words.hk`, na mara nyingi neno litafunguka japo kwako halionekani. Wewe ukihofia simu ya mwenzako, andika lip kwa Kilatini au 電梯 ya Kichina sanifu.

Na ukibaki na mashaka, uliza kwa kuweka njia zote mbili mezani, kila moja ikiandikwa kwa namna ambayo haiwezi kuwa nyingine. Kwa kushoto ongeza 手邊, upande wa mkono, kwa "-me-" andika 咗 kamili. Meseji ambayo ningepaswa kuituma siku ile ni hii:

```
即係轉咗?定係轉左手邊?
```

"Yaani umebadilika? Au nigeuke mkono wa kushoto?" Nilikuja kuituma miezi kadhaa baadaye, kwenye jengo lilelile, lango lilipobadilishwa tena. Jibu lilikuja kabla sijashuka kwenye treni:

```
轉左呀,對面門入
```

Bado alikuwa ameandika 左. Lakini sasa nililisikia: "Umebadilika, ingilia mlango wa upande wa pili." Nikavuka barabara na kitoroli changu.